Nani kasema Mwanza ni Nyanza iliyokosewa?

Jioni moja pale Makoroboi, jijini Mwanza, kwenye kahawa, kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha picha ya ramani ya Kijerumani iliyokuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Pembeni mwa Ziwa Viktoria palikuwa pameandikwa Muansa. “Mnaona?” akasema. “Jina hili kaleta Mjerumani. Kabla ya hapo hapakuwa na Mwanza.” Mzee aliyekaa kando yake akatikisa kichwa. Yeye tangu utoto alishaambiwa kwamba mji uliitwa Nyanza, yaani ziwa, ila wazungu ulimi wao mzito ukaugeuza kuwa Mwanza. Wa tatu akasema wote wawili wamekosea, lakini alipoulizwa ukweli ni upi akaagiza kahawa nyingine.

Hadithi ya yule mzee ndiyo inayojulikana zaidi. Utaisikia kwenye daladala, kwa waongoza watalii, hata darasani. Kwa bahati nzuri ni hadithi inayoweza kupimwa, kwa sababu inadai jambo lililotokea wakati fulani: kwamba wazungu walisikia neno moja wakaandika jingine. Kama ni kweli, maandishi yao ya mwanzo yanapaswa kutuonyesha kosa hilo likitendeka.

Kabla hatujayafungua, tutenganishe mambo mawili ambayo pale kijiweni yalikuwa yamechanganywa. Kuna umri wa jina, na kuna umri wa maandishi ya jina. Fikiria mtu aliyezaliwa kijijini zamani, akaja kutafuta cheti cha kuzaliwa akiwa na miaka thelathini kwa sababu anataka pasipoti. Tarehe ya kutolewa kwa cheti haisemi alizaliwa lini. Inachosema kwa uhakika ni kwamba siku hiyo alikuwa hai tayari. Ramani nayo ni hivyohivyo. Jina likionekana kwenye ramani ya mwaka fulani, tunajua lilikuwapo mwaka huo au kabla yake. Kabla kwa miaka miwili au mia mbili, ramani haisemi.

Jambo jingine ni kwamba maandishi yenyewe yana tarehe zaidi ya moja. Kuna siku ambayo msafiri alilisikia jina, siku aliyoliandika kwenye daftari lake, na siku mchapishaji alipolitoa kwenye karatasi. Kati ya hizo inaweza kupita miaka mingi, na katika miaka hiyo watu wengine huyagusa maandishi. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema “ramani ya 1893”, muulize kwanza: 1893 ni mwaka wa kuchapwa au wa kupima? Wachora ramani walinakili kutoka kwa wenzao bila haya, na ramani mpya inaweza kubeba habari zilizochoka miaka ishirini iliyopita.

Sasa turudi nyuma hatua kwa hatua. Nasema kurudi nyuma kwa makusudi. Wengi huanzia na ramani kongwe kuliko zote, wakaona neno linalofanana na wanachokitafuta, wakashangilia. Afadhali kufanya kama mtu anayefuatilia ukoo: huanzi na babu wa babu, unamuuliza mtoto kuhusu baba yake kwanza. Kila hatua inashikana na iliyo mbele yake, na ukipoteza njia unajua umeipotezea wapi.

Tunaanza na Mwanza ya leo, tahajia ambayo kila mtu anaijua. Ipo kwenye ramani za serikali za skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi, na ipo kwenye nyaraka za Waingereza walioingia mjini Julai 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyuma ya mwaka huo tunaingia kwa Wajerumani, na hapo tahajia inageuka kuwa Muansa. Iko kwenye mihuri ya posta ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo ni ushahidi mtamu sana kwa sababu muhuri hubeba jina na tarehe kwa pamoja, siku, mwezi na mwaka. Iko pia kwenye ramani yao kubwa ya skeli ya 1:300,000 iliyotolewa Berlin kipande kwa kipande.

Je, mji ulibadilishwa jina mwaka 1916? Hapana. Kilichobadilika ni mkono ulioshika kalamu. Katika Kijerumani herufi z husomwa “ts”. Mjerumani akiandika Muanza, mwenzake wa Berlin atasoma “Muantsa”. Akitaka asomewe sauti yetu ya z, inambidi aandike s, kwa kuwa s ikitangulia irabu wao huitamka kama z yetu. Kwa hiyo Muansa ya Mjerumani na Mwanza ya leo ni sauti moja iliyovaa nguo mbili. Hata u na w pale mbele hazina uzito: sema “mu-a” haraka, utajikuta umesema “mwa”. Mfaransa naye, ambaye sauti yetu ya u huiandika “ou”, angeandika Mouanza. Hili si la kupuuza, maana mapadre Wafaransa wa shirika la White Fathers walikuwa Bukumbi, kusini mwa mji, tangu miaka ya 1880, na waliandika sana.

Basi yule kijana wa simu alikuwa ameshika ushahidi mzuri akausoma vibaya. Ramani yake haikuonyesha Mjerumani akileta jina. Ilionyesha Mjerumani akijitahidi kuandika kwa usahihi alichokisikia.

Hatua inayofuata inaturudisha nyuma zaidi ya miaka thelathini kabla ya kituo cha Wajerumani, hadi Agosti 1858. John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza kule India, alikuwa amemwacha mwenzake Richard Burton mgonjwa huko Kazeh, karibu na Tabora ya sasa, akaja kaskazini na msafara mdogo. Katika maelezo yake ya tarehe 3 Agosti anasimulia kwamba baada ya kuondoka mahali anapopaita Isamiro, walipanda mlima mrefu, na walipofika juu maji ya ziwa yakamtokea ghafla mbele ya macho. Chini ya miguu yao, anaandika, palikuwa na Muanza, mwisho wa safari yao.

Ziwa lenyewe, katika kurasa hizohizo, analiita N'yanza.

Soma tena hapo, kwa sababu ndipo hadithi ya mzee wetu inapokwama. Mtu mmoja, siku moja, kwenye ukurasa mmoja, ana maneno mawili kwa vitu viwili. Maji ni N'yanza, kijiji ni Muanza. Hakuchanganya. Kama ulimi wake ungekuwa mzito kiasi cha kugeuza Nyanza kuwa Mwanza, angelikosea na jina la ziwa pia, na leo tungekuwa na Ziwa Viktoria Mwanza kwenye ramani za karne ya kumi na tisa. Badala yake ramani nyingi za wakati ule zinaandika Victoria Nyanza bila shida. Sauti ya “ny” waliiweza.

Kwa hiyo kwenye daftari letu tunaandika hivi: umbo la kale tulilolifikia ni Muanza, lilisikiwa kufikia tarehe 3 Agosti 1858, msikilizaji ni Speke, lilichapishwa kwanza mwaka 1859 katika jarida la Edinburgh, na tena kwenye kitabu chake cha 1864. Na tunaongeza neno moja dogo ambalo watu hulisahau: “kabla ya”. Jina ni la kabla ya 3 Agosti 1858.

Lakini mtafiti mwangalifu haishii hapo. Anauliza sauti ile ilipita kwenye masikio mangapi kabla ya kufika kwenye karatasi. Speke hakuwa anajua Kisukuma, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akaishi India miaka mingi, na wawili hao walizungumza Kihindustani. Tupange foleni: mwenyeji anasema jina, Bombay analisikia kwa sikio la mtu wa Kiswahili, analipitisha katika mazungumzo ya Kihindustani, Speke analiandika kwa herufi za Kiingereza, kisha mpanga chapa wa Edinburgh ambaye hajawahi kuona samaki wa ziwa hili analipanga kwa herufi za risasi. Milango minne. Katika kila mlango sauti inaweza kukwaruzika kidogo.

Na tunajua mkwaruzo mmojawapo, kwa kuwa bado tunausikia kila siku. Msukuma akizungumza lugha yake hasemi Mwanza, husema Ng'wanza. Ni mpangilio wa kawaida wa lugha: mwana wa Kiswahili ni ng'wana kwa Kisukuma. Muanza ya Speke inafanana na kile ambacho mtu wa Kiswahili angekifanya kwa Ng'wanza, akiitafsiri sauti bila hata kujijua, kama sisi sote tunavyofanya hadi leo. Kwa maneno mengine, kama kuna aliyelainisha jina hili, wa kwanza kushukiwa ni Kiswahili chetu cha misafara, mzungu aje baadaye.

Je, Ng'wanza na nyanza yana asili moja huko nyuma? Huenda shina ni moja. Hilo ni swali la wataalamu wa lugha, wanaolinganisha Kisukuma na Kikerewe, Kijita na lugha nyingine za ziwani, na ramani haiwezi kulijibu. Ramani inaweza kutuambia kwamba kufikia 1858 maneno yalikuwa tayari mawili, yakitumika bega kwa bega. Kazi yake inaishia hapo, na watu wengi huharibu utafiti mzuri kwa kuilazimisha iseme na maana.

Sasa mtu atauliza: mbona tusiende nyuma ya 1858? Tunaweza kujaribu, na ndipo mitego inapoanza. Ukitafuta “Muansa” kwenye maandishi ya Kijerumani ya zamani utampata Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa tangu miaka ya 1840, akieleza habari za Muansa. Moyo utadunda. Umepata jina la Mwanza miaka kadhaa kabla ya Speke! Tulia, soma aya nzima. Muansa ya Krapf ni chombo cha ibada cha Wamijikenda, ngoma yenye mngurumo ambayo asiyeruhusiwa haioni. Ni neno la pwani, kitu kingine kabisa. Vilevile Malawi kuna wilaya ya Mwanza. Jina peke yake si ushahidi. Linahitaji jirani zake: liko karibu na ziwa gani, katika nchi ya nani, msafiri alilala wapi usiku uliotangulia.

Mtego mwingine ni wa kinyume, unapokosa kitu ambacho kipo. Vitabu vingi vya Kijerumani vya wakati ule vilichapwa kwa herufi za Fraktur, ambamo s ya katikati ya neno ni ndefu, kama f iliyokatwa mkono. Programu inayosoma picha za kurasa huidhania kuwa f. Neno Muansa linaingia kwenye hazina kama Muanfa, nawe ukitafuta Muansa unaambiwa hakuna. Mimi nilishawahi kufunga jalada zima la kurasa zilizoskaniwa nikiamini halina kitu, hadi mwenzangu aliponiambia nijaribu kwa f. Tangu siku hiyo sitafuti neno moja. Naandika yote kwa mpigo:

```
Mwanza OR Muanza OR Muansa OR Mouanza OR Muanfa
```

Kwenye nyaraka za mkono shida inahamia kwenye n na u. Katika mwandiko wa Kijerumani wa siku zile herufi hizo mbili ni pacha, na kinachozitenganisha ni kikunjo kidogo kinachowekwa juu ya u. Kikififia, jina la kijiji linazaliwa upya na kuingia kwenye ramani likiwa na sura ambayo hakuna mwenyeji aliyewahi kuitamka. Ukiona jina la ajabu mara moja tu, kwenye ramani moja tu, shuku kwanza mwandiko.

Nyaraka zenyewe ziko mbali mbali. Za utawala wa Kijerumani zilizobaki nchini ziko Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na majalada yake yanatambulika kwa herufi G mwanzoni mwa namba. Zilizobaki Ujerumani ziko Berlin, kwenye hifadhi ya taifa, chini ya R 1001, fungu la ofisi ya makoloni. Kabla ya kusafiri kwenda popote, andika kwenye karatasi tahajia zote unazozitarajia, kwa sababu mtunza nyaraka atakutafutia ulichomwandikia, si ulichokikusudia.

Pale kijiweni niliwaeleza haya kwa kifupi zaidi ya hivi, kahawa ikiwa imeshapoa. Mzee hakukasirika. Akauliza swali ambalo kwangu ndilo lililokuwa zuri kuliko yote ya jioni ile: “Hiyo Isamiro aliyoitaja mzungu, si ndiyo Isamilo yetu hii?” Akaonyesha kwa kidole kuelekea mlimani.

Jina ni hilo, karibu sina shaka. Kubadilishana kwa r na l hakutishi mtu. Nusu ya mji huu hubadilisha herufi hizo kabla ya chai ya asubuhi. Kisukuma kina l, na sikio lililozoea lugha nyingine huweza kuisikia r. Kwa hiyo Isamilo nayo tunaweza kuiandikia cheti: Isamiro, Agosti 1858. Lakini mahali ni jambo jingine. Angalia mpangilio wa safari. Speke anaondoka Isamiro kwanza, ndipo anapanda mlima, ndipo anaona ziwa na Muanza chini yake. Kwake Isamiro iko nyuma ya mlima. Kwetu Isamilo ni mlima wenyewe na mitaa yake, hatua chache kutoka katikati ya jiji. Inawezekana Isamiro ya zamani ilikuwa eneo pana, na leo jina limebaki kwenye kipande chake kimoja. Inawezekana pia jina lilihama na watu. Katika karne ile kijiji kilifuata mtemi au mkuu wake, na akihama yeye, jina linamfuata. Ndiyo maana haitoshi kulinganisha herufi. Inabidi kulinganisha na mwendo. Unachukua saa za kutembea alizoandika msafiri, unazigeuza kuwa kilomita, unazipima juu ya ramani ya 1:50,000 ukifuata mabonde ambayo msafara wenye mizigo ungeweza kupita, kisha unaangalia kama unafika mlima unaofunua ziwa kwa ghafla.

Mlima huo Speke aliuita Somerset, jina la kwao, akieleza kwamba hauna jina la wenyeji. Niliposoma sentensi hiyo kwa sauti, watu walicheka. Mlima mkubwa, umezungukwa na vijiji, watu wanachunga na kukata kuni juu yake kila siku, halafu hauna jina? Hapa ndipo unapojifunza kusoma ukimya. Maandishi yakisema jina lipo, tunaweza kuyaamini kwa kiasi. Yakisema halipo, yanachoshuhudia ni kwamba aliyeandika hakuambiwa. Labda aliuliza mtu asiye wa hapo. Labda aliuliza kwa Kihindustani na jibu likapotea njiani. Mkono wa ziwa uliokuwa chini yake nao aliupa jina la nyumbani kwa wazazi wake, akaufuatisha na neno la Kihindi la kijito: Jordans Nullah. Leo huwezi kumpata mvuvi hata mmoja wa Kirumba anayelijua.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasukuma kikombe chake mbele kijazwe. “Basi,” akasema, “wa kumuuliza alikuwa yule Bombay. Na hakuna aliyemuuliza.”